Mti Wetu Umepigwa Chokaa?

Mama Mwenyekiti alichukua fulana ya juu kabisa kwenye rundo, akaikunjua, akatoka nayo nje ya duka hadi juani. Alikuwa amekuja kutoka Mwandiga asubuhi ile kuchukua fulana 30 za kikundi chao cha mawese. Zilikuwa za bluu iliyokoza, na kifuani mchikichi wao: shina la kahawia, makuti ya kijani, mikungu miwili ya chikichi zilizoiva.

Aliiangalia muda mrefu. Kisha akapitisha kidole kwenye kuti moja, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

"Mwanangu, mti wetu umepigwa chokaa?"

Nikasogea. Kila kuti lilikuwa limezungukwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Pale dukani chini ya taa sikuuona. Juani ulikuwa unang'aa.

Nilimwambia nitazirudia. Akakataa, akasema sherehe yao ni kesho kutwa na fulana zitavaliwa hivyo hivyo. Akalipa salio lote bila kupunguza hata mia.

Hiyo ndiyo iliyoniuma.

## Lebo moja iliyobaki

Nembo ile haina faili. Fundi aliyeichora miaka hiyo alishahama Kigoma, na kompyuta aliyoitumia hakuna anayejua ilipo. Kilichobaki ni lebo ya karatasi, moja tu: duara la upana wa sentimita 5, rangi ya maziwa yaliyochujuka, pete nyekundu pembeni, mchikichi katikati. Mama Mwenyekiti aliipiga picha kwa simu akanitumia kwa WhatsApp, nami nikafanyia kazi picha hiyo.

Nilichofanya siku ile ndicho wengi wetu tunachofanya tukiambiwa "toa bakgraundi". Nilishika Magic Wand ya Photoshop, kile kifaa kinachochagua rangi zinazofanana na pale ulipobofya, nikabofya kwenye ile rangi ya maziwa, nikabonyeza Delete. Kwa kuwa rangi ile ilikuwepo pia katikati ya makuti, niliondoa tiki kwenye Contiguous ili ichague kila mahali inapopatikana, hata pasipoungana. Tolerance niliiacha kwenye 32, namba inayokuja na programu yenyewe. Pete nikaifuta. Dakika nne, kazi imeisha. Niliitazama juu ya ukurasa mweupe nikaona safi.

Juu ya ukurasa mweupe. Kosa langu lilikuwa limejificha hapo, ila ilinichukua wiki tatu kuelewa limejificha vipi.

## Pikseli iliyo katikati

Fulana zilipoondoka nilifungua tena picha ile nikaikuza hadi asilimia 800. Nataka nieleze nilichokiona, kwa sababu nimetumia Magic Wand kwa miaka bila kukitazama.

Ukiangalia kwa mbali unaona kuti limeishia na rangi ya maziwa imeanzia. Ukikaribia huoni mpaka wowote. Unaona ngazi: pikseli ya kijani, ya pili imepauka kidogo, ya tatu imepauka zaidi, kisha maziwa. Zile za katikati si za mti wala si za karatasi. Kamera ilipokea mwanga wa vyote viwili ndani ya kitundu kimoja, ikavichanganya.

Sasa Magic Wand haijui umbo. Inajua namba. Pale nilipobofya rangi ilikuwa 243 nyekundu, 232 kijani, 205 bluu, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Tolerance ya 32 maana yake ni kwamba inachukua pikseli ambayo kila moja ya namba zake tatu haipishani na hizo kwa zaidi ya 32. Kwa hiyo nyekundu lazima iwe 211 au zaidi, kijani 200 au zaidi, bluu kati ya 173 na 237.

Kijani cha kuti kilikuwa 40, 140, 60. Chukua pikseli ya ukingoni ambayo robo yake ni kuti na robo tatu ni karatasi. Inakuwa kama 192, 209, 169. Kwa macho hiyo ni karatasi tu, imechafuka kidogo. Lakini nyekundu yake ni 192, haijafika 211. Magic Wand inaiacha, nayo inabaki imeshikamana na mti.

Juu ya ukurasa mweupe huioni. Juu ya bluu iliyokoza ni chokaa.

Jibu la haraka ni kuongeza Tolerance, nami nilijaribu. Kwenye 80 ile ya robo tatu ilitoka, lakini ya nusu kwa nusu, yenye kama 142, 186, 133, ilibaki. Kwenye 110 hata hiyo ikatoka, nikafurahi kwa sekunde chache. Kisha nikaona chikichi zimetoboka. Fundi yule alitia mng'ao wa rangi ya chungwa iliyofifia kwenye kila tunda, kiasi cha 240, 170, 110, na mng'ao huo sasa ulikuwa umeingia kwenye mipaka ya 110. Matunda yakawa na matundu. Na ncha za makuti, ambazo upana wake ni pikseli moja au mbili, zilikatika zote. Ncha nyembamba kiasi hicho haina sehemu iliyo kijani kamili. Yote ni ukingo.

Hakuna namba kati ya 32 na 110 iliyoondoa chokaa ikaacha ncha.

Picha za JPEG zina ugumu mwingine pia. Wakati wa kubanwa, mwangaza huhifadhiwa kwa undani kuliko rangi. Mara nyingi kila pikseli nne zinagawana rangi moja. Ndiyo maana wekundu wa chikichi ulikuwa umevuja kidogo kwenye kijani cha kuti lililo jirani, na Magic Wand ikipita hapo inaacha ukingo wenye meno kama msumeno. Picha ikishatumwa kwa simu mara mbili tatu, uvujaji unazidi.

## Bonyeza moja

Kijana ninayemfundisha alinihurumia.

"Dada, si uweke Select Subject? Inatoa yenyewe."

Hakukosea kuuliza. Tangu ilipoingia kwenye Photoshop mwaka 2018, kazi nyingi za picha za watu nimezimaliza kwa hiyo. Hata bango la kikundi hicho hicho, Mama Mwenyekiti akiwa ameshika chupa ya mawese mbele ya mtambo wa kukamulia, nilimtoa kwa Select Subject nikarekebisha kitambaa cha kichwani tu.

Kwenye nembo ilichagua duara zima, pamoja na pete na rangi ya maziwa.

Nilikaa nikiifikiria nikaona ina haki yake. Imefundishwa kwa picha kutambua kitu ambacho mtazamaji angesema ndicho kilichopigwa picha, na kwenye picha ile kitu kilicholala mezani ni lebo. Kwamba ndani ya lebo kuna mti uliochorwa, na kwamba maziwa yaliyo nyuma yake ni "hewa", hayo anayajua mtu aliyewahi kuona mchikichi na aliyewahi kuona nembo.

Nikakata picha ibaki ndani ya pete, nikajaribu tena. Safari hii ilishika mti, lakini ilishika kichwa cha makuti kama kitu kimoja. Mianya kati ya kuti na kuti ilijazwa. Nilikwenda Preferences, kwenye Image Processing, nikabadilisha kutoka Device kwenda Cloud ili kazi ifanyike mtandaoni kwa undani zaidi. Ukingo wa nje ukanyooka kweli. Mianya ikabaki imejaa. Mti ulionekana kama umefungiwa kwenye mfuko wa nailoni.

Kijana akasema, "Basi tuchore."

Sikutaka kuchora. Bado niliamini tatizo ni picha mbaya.

## Nilikwenda kuichukua lebo yenyewe

Nilipanda daladala ya Mwandiga nikaenda kuomba ile karatasi. Mama Mwenyekiti aliitoa ndani ya daftari la hesabu za kikundi, ilikobanwa kati ya kurasa isikunjike. Wakati ananipa alinionyesha mti wenyewe: mchikichi ulio nyuma ya banda wanakokutania. Fundi aliuchora akiwa amekaa pale pale, alisema, tena siku hiyo mti ulikuwa na kuti moja lililokauka upande wa kushoto, limening'inia. Naye akalichora.

"Tulimwambia alitoe. Akasema mti usio na kuti kavu haujawahi kuonekana."

Nilicheka naye, nikaiweka lebo kwenye bahasha, nikarudi mjini. Lile neno halikunikaa kichwani wakati ule.

Niliiskani kwa 600 dpi. Sentimita 5 kwa kiwango hicho ni kama pikseli 1,180, karibu mara mbili ya nilizokuwa nazo. Hakuna simu iliyoibana, hakuna kivuli cha mkono. Nikabofya Magic Wand kwenye maziwa nikitegemea kazi imeisha.

Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ile mistari inayotembea kuonyesha kilichochaguliwa ilijaa kila mahali kama chawa. Nikakuza, nikaelewa. Lebo ni kitu kilichochapwa, na mashine ya kuchapa haina wino wa rangi ya maziwa. Ina njano, waridi, samawati na nyeusi, inavipanga kwa vidoti na jicho ndilo linalovichanganya. Skana yangu haikuvichanganya. Iliniletea vidoti vyenyewe, kila kimoja na rangi yake, na Magic Wand ikawa inachagua kidoti na kuacha jirani yake. Kubadilisha Sample Size kutoka Point Sample kwenda 5 by 5 Average kulisaidia kidogo tu. Hiyo inabadilisha namna inavyosoma pale ulipobofya. Pikseli nyingine zote bado inazipima moja moja.

Dawa ya vidoti ipo: unatengeneza nakala ya leya, unaipitishia Gaussian Blur yenye Radius 2 hivi hadi vidoti viyeyuke, unachagua kwenye nakala, kisha uchaguzi huo unaupeleka kwenye leya halisi. Lakini ukungu unaoyeyusha vidoti unapanua pia ile ngazi ya ukingoni. Pikseli za katikati zilikuwa tatu, zikawa sita. Nilikuwa nimerudi kwenye chokaa ile ile, nene zaidi.

## Kalamu

Kwa hiyo nikashika Pen.

Sijawahi kuiogopa kalamu, ila naijua gharama yake. Niliiweka kwenye Path, si Shape, nikaanza na shina. Wanaoanza huweka vidoti vingi, kila baada ya milimita, wakidhani ndivyo mstari utakavyofuata mchoro. Inakuwa kinyume: vikiwa vingi mstari unatetemeka. Kidoti kinawekwa pale mkunjo unapobadili mwelekeo na pale penye kona, na katikati yake unaviachia vile vishikio viwili vinavyotoka kwenye kila kidoti vivute mstari. Shina zima lilinichukua vidoti 14. Penye kona unashika Alt na kubofya kidoti chenyewe ili kishikio cha mbele kife, halafu unaendelea upande mpya. Na mstari nauweka pikseli moja ndani ya ukingo, kwenye rangi ya mti, nisije nikaibeba ile mchanganyiko.

Chikichi nazo zilikubali vizuri. Ni maumbo ya mviringo, yana ukingo laini, na pale yanapopakana na kuti hakuna namba inayoweza kuyatenganisha kwa sababu rangi zimevujiana. Jicho langu liliona mpaka, mkono ukaufuata.

Usiku wa kwanza nilipoteza kazi ya saa nzima. Njia unayochora inaitwa Work Path, na hiyo ni ya muda tu. Niliibofyia pembeni ikaacha kuchaguliwa, nikaanza kuchora kuti la pili, ya kwanza ikafutika na mpya ikakaa mahali pake. Kabla ya kuinua mkono, bofya jina hilo mara mbili kwenye paneli ya Paths uipe jina lako. Nimemwambia kijana wangu hivyo mara ngapi.

Makuti yalikuwa tisa, na kila moja lina majani yake pembeni kama meno ya chanuo. Usiku mbili. Nilipomaliza nilijaza rangi, nikaweka chini yake leya ya bluu iliyokoza kama ya fulana, nikakuza hadi 300. Hapakuwa na chokaa hata chembe.

Ulikuwa mchikichi mzuri sana.

Ndipo nikaweka skani juu yake kwa Opacity ya 50, kuhakikisha tu.

Upande wa kushoto, kuti kavu. Fundi alilichora kwa mstari uliokatika katika, wino umegusa karatasi na kuachia, majani mengine yamepinda yamegeuka nyuma. Mimi nililigeuza kuti zuri lililoinama. Nikaangalia mengine manane, nayo yalikuwa hivyo. Pale mkono wake ulipotikisika, vishikio vyangu vilinyoosha. Kila kuti lilikuwa limepita karibu na lake, lakini hakuna hata moja lililokuwa la kwake.

Nilikuwa nimeombwa nitoe mti wao kwenye karatasi. Nilikuwa nimechora wangu.

Nilizima kompyuta.

## Umbo ni kitu kimoja, rangi ni kingine

Zikapita siku tano hivi. Nilikuwa nafanya kadi za harusi, kazi nyingine kabisa, nikiwa kwenye paneli ya Channels, inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu ya picha kila moja peke yake, na pale likanijia jambo ambalo nimekuwa nalifanya kwa sehemu bila kulitamka.

Wiki zote hizo nilikuwa nauliza ni kifaa gani kitakata mti na rangi zake pamoja. Kwa picha ya mtu ni lazima iwe hivyo: ngozi ya Mama Mwenyekiti siwezi kuitengeneza upya. Lakini nembo ina rangi chache bapa ambazo ninazijua. Sizihitaji kutoka kwenye karatasi. Ninachohitaji kutoka kwenye karatasi ni umbo peke yake.

Chokaa si kosa la umbo. Ile pikseli ya robo tatu ilikuwa mahali pake sahihi. Kilichokuwa kibaya ni rangi ya maziwa iliyoibeba. Ukiiacha pale pale ikiwa na uwazi wa robo tatu, lakini rangi yake ikawa kijani tupu, juu ya bluu haitang'aa. Itakuwa kijani hafifu kinachoyeyukia kwenye bluu, kama ukingo wowote mzuri.

Nikafungua skani, nikaangalia chaneli ya Red peke yake, rangi nyeusi na nyeupe.

Kwenye chaneli hiyo karatasi ni 243, kuti ni 40. Tofauti ya zaidi ya 200, kubwa kuliko chaneli nyingine mbili. Na chikichi? Nyekundu yao ni 240. Zilikuwa zimepotea, zimefanana na karatasi! Pete nyekundu nayo ilikuwa kijivu cheupe. Yaani makuti yalikuwa yamesimama peke yake, yametengana na matunda yaliyonisumbua wiki zote hizo, pamoja na ncha zote na lile kuti kavu.

Niliiburuta chaneli hiyo kwenye alama ya kujumlisha nikapata Red copy, na kuanzia hapo kazi yote ikafanyika kwenye nakala. Gaussian Blur ya 2 kuyeyusha vidoti. Kisha nikaikuza picha nzima hadi ukubwa wa kuchapia, sentimita 24 kwa 300 dpi, yaani pikseli kama 2,835. Kukuza kunatangulia, kwa makusudi: ukingo uliolainika unakuzwa bila meno, halafu ndipo unaubana. Ukibana kwanza halafu ukuze, unakuza ngazi.

Kubana nilitumia Levels, nyeusi 110 na nyeupe 175. Kila kilichokuwa chini ya 110 kikawa nyeusi kabisa, kila kilichopita 175 kikawa nyeupe, na ile ngazi pana ya ukungu ikarudi kuwa nyembamba. Pete ikapotelea kwenye weupe yenyewe. Nafasi ya kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoamua: nilipoisogeza nyeupe juu ya 200 vidoti vya pete vilianza kurudi, na nilipoishusha chini ya 140 ncha za kuti kavu zilianza kukatika. Nilikaa nazo muda, nikitazama ncha moja ya kushoto.

Lasso, ambayo nilikuwa sijaigusa, ikapata kazi yake hapo. Shina la kahawia lilikuwa bado jeusi kwenye chaneli, na sikulitaka kwa sababu nilishalichora. Nilipita nje nje kwa mkono, kwa haraka, nikilizungushia kama mtu anayepiga uzio wa miti, nikajaza nyeupe. Lasso kwa mkono wenye kipanya haiwezi kukata ukingo wa mwisho wa kitu chochote, sikuiomba hilo. Inajua kusema "hapa ndani tu". Kwa kusema hivyo haina mpinzani.

Kisha Ctrl+I kugeuza nyeusi kuwa nyeupe, Ctrl na kubofya chaneli kuipakia kama uchaguzi, na Layer, New Fill Layer, Solid Color. Kijani. Leya ikaja tayari na maski yake, ile inayoamua wapi rangi ionekane na wapi ifichike.

Kwa hiyo mti wa sasa una vifaa viwili ndani yake. Shina na chikichi ni vya kalamu, maana ukingo wake ni laini na rangi zake zimevujiana na za jirani. Makuti ni ya chaneli, maana ukingo wake ndio mkono wa fundi na rangi yake imesimama mbali na ya karatasi. Vilipokutana nilibakiza kazi moja: pale chikichi zinapofunika makuti, maski ilikuwa na shimo lenye umbo la mkungu, na kati ya vyote viwili ulionekana mwanya kama unywele. Niliweka leya ya chikichi juu, nikapaka nyeupe kwenye maski ya makuti ili kijani kiingie chini ya tunda kwa pikseli chache. Mwanya ukafungika.

## Wino mweupe

Hapo nilikuwa sijamaliza, na nililijua hilo kutokana na zile fulana 30.

Fulana za rangi iliyokoza tunazichapia kwa filamu ya kubandika kwa pasi. Mashine inaweka rangi, kisha inaweka wino mweupe nyuma yake ili rangi isimezwe na kitambaa. Wino huo unafuata kila mahali palipo na rangi, hata palipo na rangi hafifu, na palipo hafifu ndipo unapochungulia. Kwa hiyo hata kijani tupu chenye uwazi wa robo tatu, kinachoonekana kizuri kabisa kwenye kioo cha kompyuta, kinaweza kuleta chokaa ndogo kwenye kitambaa.

Kwa kioo, kwa bango na kwa karatasi, ukingo laini ni mzuri. Kwa filamu nilitengeneza nakala ya pili ya faili, nikapitisha Levels tena juu ya maski, nyeusi 115 na nyeupe 140, hadi ukingo ukawa karibu kukatika. Kwa ukubwa wa pikseli 2,835 jicho halioni meno.

Niliagiza filamu moja tu kwanza. Nikaibandika kwenye fulana ya bluu, nikasubiri ipoe kabla ya kubandua plastiki, nikatoka nayo nje juani. Pale pale aliposimama Mama Mwenyekiti.

Nikampigia simu.

Alikuja Jumanne akitokea soko la Kibirizi, kapu bado mkononi. Nilimwambia hii ni zawadi, zile fulana 30 nitazirudia taratibu kwa gharama yangu. Hakujibu hilo. Aliinua fulana, akaitazama upande wa kushoto kwanza. Kidole chake kikashuka na kuti kavu, kikafuata vipande vya mstari uliokatika, hadi kwenye ncha ya mwisho.

"Lipo," akasema.

Kisha akanyoosha mkono.

"Na lebo yangu, mwanangu. Ile karatasi ni moja."

Nilikuwa nimeifunga kwenye bahasha na kipande cha boksi isikunjike. Aliihakiki, akaitia ndani ya daftari la hesabu, daftari akalirudisha chini ya kapu, juu yake dagaa.